Shahamu ya Ini na Kolesteroli: Kasoro ya Kuviita Vyote Mafuta

Maandishi ya afya ya Kiswahili yameegemeza istilahi tatu tofauti juu ya neno moja, nalo ni mafuta. Ugonjwa ambao seli za ini hujaa mafuta huitwa "ini lenye mafuta", kolesteroli iliyozidi huitwa "mafuta ya damu", na statini, yaani dawa zinazoshusha kolesteroli, huitwa "dawa za mafuta". Mgonjwa anayeambiwa siku moja kwamba ana mafuta kwenye ini na mafuta kwenye damu hana namna ya kujua kuwa ametajiwa vitu viwili. Ama ataamini kwamba kidonge cha kolesteroli kitayeyusha pia kile kilicho kwenye ini, ama ataogopa kwamba ini lililokwisha kujaa mafuta halitastahimili "dawa ya mafuta", akaiacha kabatini. Imani zote mbili ni potofu, na zote mbili zimezaliwa na istilahi. Makala haya yanatetea jina shahamu ya ini kwa ugonjwa wa kwanza, na yanashikilia kuwa kolesteroli iachwe iitwe kolesteroli.

Shahamu si neno la kubuni. Ni neno kongwe la Kiswahili lililotoka katika Kiarabu, nalo hutaja mafuta magumu ya mnyama, yale meupe yanayozunguka figo na utumbo, ambayo mchinjaji huyatenga na nyama kwa kisu na ambayo huganda yakiachwa penye baridi. Maana hiyo ndiyo hasa iliyomo katika jina la kitaalamu la ugonjwa huu, steatosisi, kwa sababu shina lake ni neno la Kigiriki steari, ambalo nalo hutaja shahamu na si mafuta ya maji. Waarabu wameufuata mkondo huohuo, kwani kutokana na mzizi uleule uliotupa shahamu wameunda tashahhum, kushika shahamu, na ndilo neno wanalolitumia kwa ini lililopatwa na hali hii. Mafuta ya Kiswahili, kinyume chake, yametanuka mno: ni ya kupikia, ya taa, ya gari, ya kujipaka na ya nazi, na neno linalobeba vyote hivyo haliwezi kubagua kilichomo ndani ya seli na kilichomo ndani ya mshipa. Mwaka 2023 wataalamu wa ini wa mataifa mbalimbali walikubaliana kulibadili jina la ugonjwa, wakaliacha neno la kawaida la mafuta, ambalo wengi waliliona linawafedhehesha wagonjwa, na wakarudi kwenye shina lile la Kigiriki. Wanaodai katika vikao vya istilahi kwamba shahamu ni neno la pwani lililochakaa wangepaswa kueleza kwa nini lugha nyingine zinarejea kwenye maana ileile wanayotaka Kiswahili kiitupe.

Wapo pia walioukwepa mtego wa mafuta wakatumbukia katika mwingine, kwa kuiita kolesteroli "lehemu". Neno hilo limesambaa magazetini, na watetezi wake husema kolesteroli hugandamana na kuta za mishipa kama lehemu inavyogandamana na bati. Hoja hiyo inataja madhara ya kitu na kuacha kukitaja kitu chenyewe. Kolesteroli huundwa na mwili, sehemu kubwa ikitoka katika ini lenyewe, na bila hiyo hakuna utando wa seli, hakuna homoni za uzazi wala hakuna nyongo. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyeipa jina katika miaka ya 1810, aliiunganisha khole, nyongo, na stereos, kigumu, kwa sababu ilikuwa imepatikana katika vijiwe vya nyongo. Jina lake linaihusisha na ini tangu mwanzo, na kuliandika kwa tahajia ya Kiswahili kunatosha.

Ubaguzi huo wa majina una kazi, kwa kuwa kinachojaa ndani ya seli za ini si kolesteroli hasa bali trigliseridi, ambayo ni namna mwili unavyoweka akiba ya nishati, na hiyo ndiyo shahamu. Ini huhesabiwa kuwa na ugonjwa pale shahamu inapoonekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake. Chanzo kikuu ni usugu wa insulini, hali ambayo homoni hiyo ya kongosho ipo tele lakini tishu haziitii. Kwa kawaida insulini huziamuru akiba za mafuta za tumboni zifungwe. Zinapoacha kuitii, asidi za mafuta hutiririka mchana na usiku kuelekea kwenye ini. Wakati huohuo insulini iliyozidi huendelea kulisukuma ini litengeneze mafuta mapya kutokana na sukari na wanga. Utafiti wa mwaka 2005 uliofuatilia asili ya shahamu hiyo kwa wagonjwa ulikuta kuwa karibu asilimia 60 ilitoka katika akiba za mwili, kama robo ilitengenezwa na ini lenyewe, na takriban asilimia 15 tu ilitoka moja kwa moja katika mafuta yaliyoliwa. Mgonjwa anayeacha nyama ya mafuta huku akiendelea na soda na chai ya sukari nyingi ameuelewa ugonjwa wake kupitia neno "mafuta", na neno limempotosha.

Ini lililoelemewa hujaribu kuipunguza shahamu kwa kuisafirisha. Huipakia katika chembe ziitwazo VLDL, ambazo ni kama majahazi yaliyoshehenezwa trigliseridi na kolesteroli pamoja, kisha huzitoa kwenye damu, na kadiri shahamu inavyozidi ndivyo chembe hizo zinavyokuwa nyingi na kubwa. Hapo ndipo magonjwa mawili yanapokutana. Zikiwa katika damu, chembe hizo hubadilishana shehena na nyingine: hutoa trigliseridi na kupokea kolesteroli. LDL, ambayo huipeleka kolesteroli kwenye tishu, hupokea trigliseridi hiyo, hupunguzwa na vimeng'enya, na kubaki ndogo na nzito, yenye wepesi wa kupenya ukuta wa ateri. HDL, ambayo huirudisha kolesteroli kwenye ini, nayo husinyaa na kuondolewa upesi. Ndiyo maana majibu ya maabara ya wagonjwa wengi wa shahamu ya ini hufanana: trigliseridi juu, HDL chini, na LDL ambayo huenda isitishe kwa wingi wake lakini ni mbaya kwa umbo lake. Ndiyo maana pia wengi wao huuawa na moyo na mishipa ya damu kabla ini halijafika kuwaua.

Statini huingia katika hatua moja ya mfuatano huo. Mtafiti Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza katika kuvu ya jamii ya penisili katika miaka ya 1970, na lovastatini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Seli za ini zinapopungukiwa hutoa vipokezi vingi zaidi vya kunasa LDL, na hivyo huisafisha kutoka katika damu. Kwa kuwa kazi yote hufanyika ndani ya ini, hofu ilianza mapema, na kwa miaka mingi wagonjwa walitakiwa kupimwa vimeng'enya vya ini mara kwa mara. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa sharti hilo, ikaacha kipimo cha kabla ya kuanza na kingine pale dalili zinapodai, kwa sababu madhara makubwa ya ini yalionekana kuwa adimu sana na upimaji wa mfululizo haukuyatabiri. Kupanda kwa kimeng'enya cha ALT zaidi ya mara tatu ya kikomo hutokea kwa kama mgonjwa mmoja katika mia, na mara nyingi hushuka kwenyewe au dozi inapopunguzwa. Utafiti wa Ugiriki ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 uliwaangalia wagonjwa 437 waliokuwa na vimeng'enya vilivyopanda kiasi, wengi wakidhaniwa kuwa na shahamu ya ini. Waliotumia statini walipata nafuu ya vimeng'enya, na matukio ya moyo na mishipa yaliwafika asilimia 10 yao, ilhali wasiotumia walifikwa kwa asilimia 30. Uchambuzi huo ulifanywa baada ya utafiti kwisha, kwa hiyo hautoshi kuwa ushahidi wa peke yake, lakini haujaachwa bila wa kuuunga mkono.

Chukuliwe mwanamume wa miaka 52 mwenye kisukari, ambaye ultrasaundi imeonyesha shahamu ya ini. LDL yake ni milimoli 4.3 kwa lita, trigliseridi 2.6 na HDL 0.9. ALT ni 64 pale ambapo kikomo cha maabara ni 40, AST ni 41, chembe sahani ni 240, na vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha maambukizi. Kabla ya kidonge inafaa ijulikane kama ini limeanza kuwa na makovu, na hesabu iliyozoeleka ni hii:

```
FIB-4 = (umri × AST) / (chembe sahani × √ALT)
      = (52 × 41) / (240 × 8) = 1.11
```

Jibu lililo chini ya 1.3 linaonyesha kuwa makovu makubwa hayaelekei kuwapo. Atovastatini ya miligramu 20 hushusha LDL kwa kama asilimia 40, yaani hapa hadi karibu 2.6, na dozi inaweza kuongezwa baada ya kipimo cha wiki ya 6 hadi ya 12. ALT ikiwa 78 katika kipimo hicho, dawa haikatizwi. Ikizidi 120 hurudiwa, na sababu nyingine hutafutwa, zikiwemo pombe, dawa za mitishamba na dawa za kifua kikuu. Ikiwa bilirubini nayo imepanda mara mbili ya kikomo, au macho yamekuwa ya manjano, dawa husimamishwa siku hiyohiyo.

Mipaka ipo, na istilahi nzuri haiifuti. Ini lenye makovu ambalo bado linamudu kazi yake halikatazwi statini. Lililoshindwa, ambapo maji yamejaa tumboni, mgonjwa anatapika damu au anachanganyikiwa, ni jambo jingine, kwani hapo simvastatini ya miligramu 40 imeonekana kuvunjavunja misuli. Simvastatini haichanganywi kamwe na klarithromaisini wala na dawa za VVU zenye ritonaviri, na mjamzito kwa kawaida hupumzishwa statini.

Shahamu yenyewe haiondolewi na statini, bali na kupungua uzito: asilimia 5 ya uzito huanza kuipunguza, na asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wa ini. Katika faili la mwanamume yule, basi, tiba hizo mbili zinastahili mistari miwili: shahamu ya ini, apunguze kilo 7 kati ya 90 alizonazo, kolesteroli LDL 4.3, atovastatini miligramu 20 kila usiku. Karani aliyezoea kuandika "mafuta" mara moja akaishia hapo atakuwa ameufuta mmojawapo.