Titi Halipumziki kwa Pamoja: Hoja ya Kusoma Lobuli Moja Moja

Slaidi iliyonisukuma kuandika makala haya ilitoka kwa mama aliyekuwa akinyonyesha mtoto wa miezi mitano. Alikuwa ametolewa faibroadenoma ndogo, na pembeni mwa uvimbe huo daktari mpasuaji aliacha ukingo wa tishu ya kawaida ya titi, upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Sehemu kubwa ya ukingo huo ilikuwa kama nilivyotarajia: lobuli zilizotanuka na kusongamana, vifuko vyake viko wazi, ndani yake mna ute wa waridi uliojaa matundu. Lakini kwenye pembe moja zilikaa lobuli tatu ndogo zilizofumba, kila moja imezungukwa na tishu laini nyeupenyeupe, mfano halisi wa kile ambacho atlasi zetu hukiita titi lililopumzika. Niliwapa wanafunzi slaidi hiyo bila maelezo na kuwauliza titi hili liko katika hali gani. Majibu yao yaligawanyika kulingana na pembe ambayo kila mmoja alianzia kutazama. Waliona sawasawa wote. Kosa lilikuwa kwenye swali langu.

Tumezoea kufundisha histolojia ya titi kwa picha mbili zinazowekwa ubavu kwa ubavu, moja ya kupumzika na nyingine ya kunyonyesha, na kumtaka mwanafunzi azitenganishe. Hoja yangu ni kwamba hali hizo ni za lobuli, na kwamba titi zima huhukumiwa tu baada ya lobuli nyingi kusomwa moja baada ya nyingine pamoja na tishu unganishi inayozibeba. Ninadai pia kwamba tishu hiyo unganishi, ambayo mwanafunzi huipita kama mandhari ya nyuma, ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi kuliko ukubwa wa vifuko.

Kuhusu muundo wa msingi hakuna mzozo. Mirija mikubwa hutoka kwenye chuchu, hugawanyika ndani kama matawi ya mti, na kila kitawi cha mwisho huishia kwenye lobuli, yaani kishada cha vijirija vifupi vilivyofumba mwisho. Mwaka 1975 Wellings na wenzake walionyesha kwamba kitawi hicho cha mwisho pamoja na lobuli yake ni kitu kimoja kinachofanya kazi pamoja, na kwamba magonjwa mengi ya titi huanzia hapo. Kote huko, kuanzia mrija mkubwa hadi kijirija cha mwisho, ukuta una tabaka mbili za seli. Ile ya ndani inatazama uwazi wa mrija. Ile ya nje ni ya seli za mioepithelia, zenye uwezo wa kujikaza, nazo zimekalia utando wa msingi.

Mzozo unaanza pale vitabu vinapolieleza titi lililopumzika. Yako maelezo yanayorithishwa kutoka toleo hadi toleo kwamba titi hilo lina mirija tu, na kwamba vifuko huchipuka wakati wa ujauzito. Sikubaliani nayo. Kata lobuli ya mwanamke kijana ambaye hajawahi kushika mimba na utakuta vijirija vya mwisho vilivyokwisha kupangika katika kishada, vingine vikiwa na uwazi mwembamba ulio dhahiri. Mimba huviongeza idadi, huvipanua na kuvipa kazi ya kutoa maziwa, lakini shina lake lilikuwapo. Hata neno “kupumzika” lenyewe halisimami vizuri. Mwaka 1981 Ferguson na Anderson walihesabu seli zinazogawanyika na zinazokufa katika lobuli za wanawake wasio wajawazito, wakakuta kwamba mgawanyiko hufikia kilele karibu na siku ya 25 ya mzunguko wa hedhi, na kufa kwa seli kunafuata siku ya 28 hivi. Mwaka huohuo Vogel na wenzake walieleza jinsi tishu unganishi ya ndani ya lobuli inavyobadilika katika mzunguko huohuo: kuna siku hushikamana, na katika nusu ya pili huvimba maji na kulegea. Kiungo kinachogawanya seli zake na kuziua kila mwezi kimetulia kwa jina tu.

Sasa niseme kuhusu tishu hiyo, maana ndiko uzito wa hoja yangu ulipo. Weka lenzi ndogo kabisa na usitafute seli bado. Katika lobuli isiyotoa maziwa utaona aina mbili za tishu unganishi, na mpaka kati yake ni mkali kama mpaka wa shamba na barabara. Baina ya lobuli na lobuli kuna kolajeni nzito, yenye nyuzi nene zinazopokea eosini kwa waridi iliyokolea, pamoja na mafuta kwa kiasi kinachotofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke. Ndani ya lobuli, vijirija vimezamishwa katika tishu nyingine kabisa: imelegea, imepauka, ina nyuzi nyembamba, seli nyingi, mishipa midogo ya damu, na limfosaiti zilizotawanyika. Tishu hii laini huitikia homoni za ovari. Ile nzito ya nje huitikia kidogo sana. Hapo una lobuli iliyopumzika, na umeitambua kabla hujaangalia kijirija hata kimoja.

Katika lobuli inayotoa maziwa, tishu hiyo laini imebanwa. Vifuko vimetanuka hadi kugusana migongo, na kilichobaki kati yake ni kuta nyembamba zenye kapilari na seli za plazima, ambazo hutengeneza kingamwili aina ya IgA zinazopelekwa kwenye maziwa. Kolajeni ya baina ya lobuli nayo imepungua kuwa mikanda myembamba, na mafuta yamepisha. Anayetazama kwa haraka huweza kudhani ni tezi ya thairoidi, kwa sababu zote mbili zina mashimo ya mviringo yenye ute wa waridi. Kinachookoa ni mikanda hiyo inayogawa lobuli na mirija inayopita ndani yake, kwa kuwa thairoidi haina mirija.

Kwa nini basi ukubwa wa vifuko usitoshe? Kwa sababu hubadilika kwa saa. Mtoto akinyonya, oksitosini hukaza seli za mioepithelia na kifuko husinyaa. Titi lisiponyonywa, kifuko hujaa na seli zake hubanwa mpaka zikawa bapa. Slaidi moja inaweza kuwa na vifuko vya namna zote mbili, na seli ndefu zisichukuliwe kuwa dalili kwamba maziwa yamekoma. Matundu meupe yaliyo ndani ya seli yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Seli hutoa mafuta kwa kusukuma tone hadi utando wake wa juu. Tone hujifunika kipande cha utando huo na kukatika nacho, ilhali kaseini hutoka katika vifuko vidogo vinavyofunguka juu ya seli bila kupoteza utando. Katika slaidi ya kawaida mafuta hayo hayapo tena. Alkoholi na zailini tulizotumia kuandaa tishu kwa ajili ya nta zimeyayeyusha, na tundu ni nafasi yake tu. Anayetaka kuyaona yenyewe akate tishu iliyogandishwa na kuipaka rangi ya mafuta.

Maandalizi yamewahi kutudanganya kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1840 Astley Cooper alichapisha London michoro ya matiti ya wanawake waliofariki wakiwa wananyonyesha, mirija yake ikiwa imejazwa nta. Katika michoro hiyo mirija imefura chini ya chuchu, na kutoka hapo tukapata zile “hazina za maziwa” zinazochorwa hadi leo. Ramsay na wenzake huko Australia, mwaka 2005, walichunguza akina mama wanaonyonyesha kwa ultrasaundi. Hawakuziona hazina hizo, na kwa wastani walikuta mirija mikuu tisa tu, pungufu ya 15 hadi 20 tunayoikaririsha. Nta inayosukumwa kwa nguvu ndani ya mrija unaotanuka itautanua.

Turudi kwenye lobuli moja moja. Ushahidi ninaoutegemea kuliko wowote hautoki kwa wanawake wanaonyonyesha. Wanapatholojia wanafahamu vizuri badiliko linalofanana na ujauzito au unyonyeshaji, ambalo hukutwa kwa bahati katika titi la mwanamke asiye na mimba, pengine aliyeachisha mtoto miaka mingi nyuma, pengine aliyekwisha koma hedhi. Lobuli moja, au chache zilizokaa pamoja, zina seli zilizofura, zenye povu la matundu, viini vimechomoza kwenye uwazi kama vichwa vya misumari, na ndani mna ute. Pengine hata chembe za kalsiamu huonekana humo. Lobuli ya jirani, iliyo umbali wa nusu milimita, imetulia kabisa. Damu inayozifikia lobuli hizo ni ileile, yenye homoni zilezile. Kama hali ingekuwa ya titi zima, jambo hili lisingewezekana. Zile lobuli tatu katika slaidi ya yule mama ni sura ya pili ya ukweli huohuo: prolaktini ilizifikia zote, nazo hazikuitika.

Naweza kupingwa kwamba kanuni ya vifuko ni rahisi kwa anayeanza. Ni rahisi, lakini mwanafunzi atakayekuja kusoma sindano ya uvimbe wa mjamzito ataumizwa nayo, kwa sababu seli zenye viini vikubwa na povu, zikitazamwa bila lobuli yake, hufanana na saratani. Pingamizi zito zaidi ni la uzee, nami sina jibu kamili kwalo. Baada ya hedhi kukoma, tishu laini ya ndani ya lobuli hugeuka kolajeni nzito au mafuta, na ule mpaka mkali hufifia. Kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakuthibitishi unyonyeshaji. Inabidi kutazama kilichoshika nafasi yake. Ikishikwa na vifuko vilivyotanuka, lobuli inatoa maziwa. Ikishikwa na kolajeni, na vijirija vilivyobaki ni vichache, vimezungukwa na utando wa msingi ulionenepa, lobuli imesinyaa. Titi lililotoka tu kuachishwa ndilo gumu kuliko yote, kwa maana vifuko vilivyoporomoka, makrofeji na limfosaiti hukutwa pamoja na lobuli ambazo bado zina maziwa.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha swali la mtihani. Mwanafunzi hupewa slaidi ileile ya mama wa mtoto wa miezi mitano, huchagua lobuli sita katika pembe tofauti akitumia lenzi ndogo, huandika kwa kila moja kinachokaa kati ya vijirija vyake, ndipo hupanda kwenye lenzi ya 40 kutazama seli. Mstari wa mwisho wa jibu lake husema ni lobuli ngapi kati ya hizo zinatoa maziwa.