Uzuiaji Usio Shindani ni Upi?

Vizuizi vya vimeng'enya viko vya aina tatu kuu, lakini tukiandika "uzuiaji usio shindani" tunaunganisha aina mbili zisizofanana. Napendekeza tuseme uzuiaji shindani, uzuiaji tegemezi na uzuiaji huru. Sababu inaonekana kwenye grafu ambayo Hans Lineweaver na Dean Burk waliitoa mwaka 1934: 1/v kwenye mhimili wima, 1/[S] kwenye mhimili mlalo, v ikiwa kasi ya mmenyuko na [S] ukolezi wa sabstreti, yaani kitu kinachobadilishwa na kimeng'enya. Mstari hukata mhimili wima penye 1/Vmax na mhimili mlalo penye −1/Km, na mteremko wake ni Km/Vmax.

Tuchukue kimeng'enya chenye Vmax ya 100 na Km ya milimola 2 kwa lita.

Kizuizi shindani hugombea mahali pa sabstreti, kama malonati inavyogombea na suksinati. Tuseme Km inayoonekana imepanda hadi 4. Vmax inabaki 100, kwa sababu sabstreti ikiwa nyingi mno kizuizi hushindwa. Mistari miwili inakutana kwenye mhimili wima, penye 0.01.

Kizuizi tegemezi hakiwezi kushika kimeng'enya kitupu. Husubiri sabstreti iingie kwanza. Fenilalanini huizuia hivyo fosfatasi ya alikali ya utumbo. Vmax inashuka hadi 50, na Km nayo hadi 1, kwani kizuizi kinanasa kimeng'enya kikiwa tayari kimeshika sabstreti, na hivyo kimeng'enya kinaonekana kuipenda zaidi. Mteremko haubadiliki, kwa hiyo mistari iko sambamba.

Kizuizi huru hushika kimeng'enya kitupu na kilichojaa kwa nguvu ileile. Vmax ni 50, Km inabaki 2, na mistari inakutana kwenye mhimili mlalo, penye −0.5.

Sasa pima kwenye ukolezi mmoja tu wa milimola 2. Bila kizuizi kasi ni 50. Kizuizi shindani kinaipunguza hadi 33, na kizuizi tegemezi nacho hadi 33. Huwezi kuvitofautisha. Panda hadi milimola 10: cha kwanza kinatoa 71, cha pili 45. Ndiyo maana lazima upime kwenye ukolezi mbalimbali, chini na juu ya Km.

Angalia pia nukta za kulia kabisa kwenye grafu, za sabstreti kidogo. Kwenye milimola 0.2 bila kizuizi kasi ni 9 tu, na kosa dogo la kipimo hupanuka mno ukichukua 1/v, kisha likauvuta mstari wote. Mistari sambamba inaweza kuonekana inakutana. Kwa hiyo tumia grafu kuitambua aina, lakini thamani za Km na Vmax zikokotoe kutoka kwenye mkunjo wenyewe wa v dhidi ya [S].

Na ukiona uzuiaji huru, zimua mchanganyiko uone kama utendaji unarudi. Kizuizi kinachokiua kimeng'enya moja kwa moja nacho hushusha Vmax na kuiacha Km ilivyo.