Jengo la rehani likiungua Mboghoni, hundi ya bima itaandikwa jina la nani?

Anayeweka jengo lake rehani ili akope benki huulizwa makaratasi mengi: hatimiliki, ripoti ya mthamini, risiti za kodi ya ardhi. Kisha huulizwa karatasi moja ambayo wengi huipeleka bila kuisoma. Ni barua ya kampuni ya bima inayoithibitishia benki kwamba jengo limekatiwa bima ya moto, na kwamba likiungua benki ndiyo italipwa kwanza. Bila barua hiyo pesa za mkopo hazitoki.

Benki haijitungii sharti hilo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka aliyeweka rehani ahakikishe kuna njia ya kulipia hasara ya moto, na akikata bima, iwe kwa majina ya pamoja, lake na la mkopeshaji, kwa thamani kamili ya majengo. Katika shughuli za kila siku, mara nyingi mkataba wa bima hubaki kwa jina la mwenye jengo, na benki huandikwa ndani yake kama mpokeaji wa fidia. Tofauti hiyo ndogo ina uzito, kama tutakavyoona.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja wa Mboghoni, huku Taveta, ana jengo la ghorofa moja: maduka matatu chini, vyumba vya kupangisha juu. Anadaiwa na benki shilingi 3,200,000. Barua ya bima yake, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Kwa Meneja wa Benki. Tunathibitisha kwamba jengo lililoko Mboghoni, lenye namba ya hatimiliki iliyotajwa hapo juu, limekatiwa bima ya moto na radi kwa shilingi 6,000,000, kuanzia tarehe 1 Machi 2025 hadi 28 Februari 2026. Malipo ya bima yamepokelewa yote. Maslahi ya benki yako kama mwenye rehani yameandikwa katika mkataba, na fidia yoyote italipwa kwenu kwanza, kwa kiasi cha deni lenu. Maslahi hayo hayatabatilishwa na kitendo au uzembe wa mwenye jengo ambao hamkuujua. Hatutafuta mkataba bila kuwapa notisi ya siku 30."

Neno "maslahi" hapa lisikuchanganye. Si riba ya mkopo. Ni haki ya benki juu ya jengo, kwa sababu likiteketea dhamana yake imeteketea pia.

Barua hiyo iwe imetiwa sahihi na kampuni ya bima yenyewe. Ya wakala au dalali ni ahadi ya mtu wa kati tu. Na hata ya kampuni haitoshi peke yake, kwa kuwa barua hueleza tu kilichoandikwa ndani ya mkataba. Omba nakala ya karatasi ya nyongeza iliyobandikwa kwenye mkataba, inayoitaja benki kwa jina. Nyongeza ikikosekana, siku ya moto mtaanza kubishana.

Sasa tazama sentensi ya barua inayosema maslahi hayatabatilishwa. Barua nyingi hazina sentensi hiyo, husema tu "benki ni mpokeaji wa fidia". Kwa maneno hayo benki inasimama nyuma ya mwenye jengo: akipata, nayo inapata, akikosa, nayo inakosa. Tuseme mpangaji mmoja wa yule mama ameanza kuuza petroli kwa madumu, mama anajua na hakuiarifu kampuni ya bima. Kampuni inaweza kukataa dai lake, na benki ikaondoka mikono mitupu pamoja naye. Sentensi ile ikiwemo, benki italipwa hata hivyo, mradi haikujua habari za petroli na ikijua iarifu.

Lakini mama asifurahie mapema. Kampuni ikiilipa benki kwa njia hiyo, huchukua nafasi ya benki na kumdai yeye kiasi kile kile. Deni limebadilisha mdai tu.

Kosa linaloumiza wengi zaidi liko kwenye kiasi cha bima. Mthamini katika ripoti yake huandika bei ya soko, na kando yake thamani ya bima, yaani gharama ya kulijenga jengo upya. Inayofaa ni hii ya pili. Wapo wanaokata bima ya kiasi cha deni tu, wakidhani wanaokoa pesa. Jengo la mama yetu lingegharimu shilingi 8,000,000 kulijenga upya, naye amelikatia bima ya 6,000,000, yaani robo tatu. Moto ukiunguza paa na vyumba vya juu, hasara ikawa 2,000,000, kampuni italipa robo tatu ya hasara: 1,500,000. Laki tano zilizobaki ni za mfuko wake.

Na hizo 1,500,000 hazimfikii yeye. Hundi inaandikwa kwa jina la benki. Benki inaweza kukata deni, au kukubali pesa zitumike kuezeka, zikitolewa kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea. Kwa mwenye nyumba za kupangisha, tofauti ni kubwa mno: bila paa hakuna wapangaji, na bila kodi hakuna marejesho. Soma mkataba wa rehani uone uamuzi ni wa nani, na zungumza na benki kabla ya mkopo kutoka. Jengo likiteketea lote, kampuni ingelipa 6,000,000. Benki ingechukua 3,200,000 pamoja na riba iliyokusanyika, na salio likaenda kwa mama.

Soma pia majanga yaliyotajwa. Barua ya mfano inataja moto na radi peke yake. Kwa jirani wa Mto Lumi hiyo ni nusu ya habari, kwani mafuriko huongezwa kwa malipo ya ziada na lazima yatajwe. Tena mikataba mingi ya moto husema jengo likikaa bila mtu zaidi ya siku 30, kinga inasimama mpaka kampuni iarifiwe na kukubali. Wapangaji wakihama wote, andika barua siku hiyo hiyo.

Maneno "malipo yamepokelewa yote" nayo si mapambo. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba hatari kabla malipo hayajafika au kudhaminiwa. Barua iliyotolewa kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haina nguvu. Weka risiti pamoja nayo.

Barua hufa tarehe ya mwisho wa mkataba. Ukichelewa kuhuisha, benki yaweza kukata bima yenyewe na kukutoza kwenye akaunti, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko ambayo ungeitafuta. Peleka barua mpya wiki mbili kabla.

Ukimaliza deni, watu hukimbilia hatimiliki na kusahau bima. Iombe benki iiandikie kampuni kwamba haina tena maslahi katika jengo, kisha udai nyongeza mpya inayoliondoa jina lake. Bila hivyo, jengo likiungua mwaka unaofuata, kampuni itashikilia hundi yako hadi benki usiyodaiwa nayo ithibitishe kwamba haikudai.