Kinundu kwenye tezi ya shingo: Maana halisi ya alama za ripoti ya ultrasaundi

RIPOTI ya ultrasaundi ya shingo aghalabu humpa mgonjwa habari ambayo hakuifuata hospitalini. Anakwenda kuchunguzwa uvimbe chini ya taya, naye anarudi na karatasi isemayo kuwa tezi yake ya thairoidi ina kinundu, na mwishoni pameandikwa TI-RADS 4. Wengi husoma tarakimu hiyo kama saratani iliyofika hatua ya nne. Sivyo. Saratani hupangwa katika hatua baada ya kuthibitishwa. TI-RADS hupima tu sura ya kinundu ambacho bado hakijajulikana ni kitu gani.

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya koo, chini kidogo ya kidakatonge, nayo hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya kazi za mwili. Vinundu ndani yake ni jambo la kawaida. Watu wazima wasio na dalili yoyote wanapopigwa ultrasaundi, kati ya 19 na 68 katika kila 100 hupatikana navyo, wanawake na wazee wakiwa wengi zaidi. Katika nyanda za juu kama zile za kuzunguka Mlima Kenya kuna sababu ya ziada. Udongo wa milimani huwa na upungufu wa madini ya aidini, na upungufu huo huifanya tezi ivimbe na kuota vinundu vingi, yaani rovu. Kenya ilianza kutia aidini katika chumvi miaka ya 1970.

Alama tano

Mfumo unaotumika sana ni ule uliotolewa mwaka 2017 na Chuo cha Rediolojia cha Marekani, ambao katika ripoti huandikwa ACR TI-RADS. Daktari wa picha hukitazama kinundu kwa mambo matano na kukipa alama kwa kila moja.

Kwanza, kimejaa nini: cha maji matupu hakipati alama, cha nyama tupu hupata 2. Pili, weusi wake kwenye skrini: kinachofanana na tezi iliyokizunguka hupata 1, cheusi kuliko tezi 2, na cheusi kuliko hata misuli ya shingo 3. Tatu, umbo: kikiwa kirefu kwenda ndani kuliko upana wake hupata 3, kwa sababu kinakua kwa kukata tishu badala ya kuzifuata. Nne, kingo: laini ni 0, zenye mapindo 2, na zilizotoboa nje ya tezi 3. Tano, vidoa vyeupe: chembe ndogo sana kama za unga hupata 3.

Jumla ya alama ndiyo hutoa kundi. TR1 na TR2 hazina shaka. Saratani hazizidi 2 katika 100. TR3, yenye alama 3, huwa na saratani zipatazo 5 katika 100. TR4, yenye alama 4 hadi 6, huwa kati ya 5 na 20. TR5, ya alama 7 na zaidi, huanzia 20 na kuendelea. Kwa hiyo hata katika TR4, walio wengi hawana saratani.

Mfano wa mkulima wa Mwea

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52, mkulima wa mpunga Mwea, aliyepigwa ultrasaundi mjini Wang'uru kwa sababu ya matezi yaliyovimba kutokana na jino bovu. Matezi hayo hayana neno. Lakini ripoti yataja kinundu upande wa kulia wa thairoidi: milimita 18, nyama tupu, cheusi kuliko tezi, kipana kuliko urefu wake, kingo laini, bila vidoa vyeupe.

Hesabu yake ni 2 kwa nyama, 2 kwa weusi, na 0 kwa mambo matatu yaliyosalia. Jumla ni 4, hivyo ni TR4. Hapo ndipo ukubwa unapoingia, kwani kundi peke yake haliamui kitu. Kinundu cha TR3 huchomwa sindano kikifika sentimita 2.5, cha TR4 kikifika 1.5, na cha TR5 kikifika 1. Milimita 18 ni sentimita 1.8, mama huyu anastahili kuchomwa sindano nyembamba ili seli zikaangaliwe kwa darubini, hata kama itambidi asafiri hadi Nyeri au Embu.

Sasa tubadilishe neno moja. Lau daktari wa picha angaliandika kwamba kinundu kinafanana kwa rangi na tezi, alama zingalikuwa 3, kundi TR3, na sindano isingehitajika. Angeambiwa arudi kupimwa baada ya mwaka 1, kisha wa 3 na wa 5. Tofauti ya weusi huo hutegemea jicho la mpimaji na ubora wa mashine. Ndiyo maana ripoti inayotaja kundi bila kueleza sura na vipimo vya kinundu haitoshi kufanyia uamuzi. Pia ni lazima itaje mfumo uliotumika, maana Wazungu wa Ulaya na Wakorea wana TI-RADS zao, na 4 ya huku si lazima iwe 4 ya kule.

Mwenye rovu la vinundu vingi hachomwi kila kimoja. Huchaguliwa visivyozidi viwili, vyenye alama nyingi zaidi na vilivyofikia ukubwa uliowekwa. Kwa wanaosubiri, kinundu huhesabiwa kuwa kimekua kikiongezeka kwa asilimia 20 katika vipimo viwili, tena kwa milimita 2 au zaidi. Chini ya hapo huenda ni mkono wa mpimaji tu.

Kwa nini kusubiri

Yaliyotokea Korea Kusini yanaeleza sababu ya viwango hivi. Baada ya ultrasaundi ya shingo kuenea huko kwa watu wasio wagonjwa, saratani za thairoidi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, ilhali idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Nyingi zilikuwa saratani ndogo zisizomdhuru mtu maisha yake yote, lakini karibu wote waliogunduliwa walipasuliwa. Aliyeondolewa tezi nzima humeza homoni kila siku hadi kufa, na wengine hupoteza sauti au kupungukiwa na chokaa mwilini.

Hata hivyo, alama hazishindi dalili. Kinundu kinachokua kwa majuma machache, sauti iliyokwaruza bila mafua, taabu ya kumeza, matezi magumu kando ya shingo, au historia ya kupigwa miale shingoni utotoni ni mambo ya kumweleza daktari mara moja, kundi liwe lolote. Mfumo huu haukuundwa kwa watoto.

Kabla ya sindano hupimwa damu kwa kipimo cha TSH. Kikiwa chini, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachotoa homoni kupita kiasi. Vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa na saratani, na uchunguzi wake hufuata njia nyingine.