Kekee ya bibi, reale ya fedha na dhahabu ya kuchovya

Bi harusi hufungua kasha la bibi, akatoa kekee na mitali, akaitafuta namba 925 asiione, akaingiwa na shaka. Je, si fedha?

Historia ya vito vyetu imo ndani ya sarafu. Karne ya 19, Unguja na Oman, reale iliyoenea ilikuwa ile ya Maria Theresa wa Austria. Alifariki mwaka 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye kwa tarehe hiyo hiyo. Masonara waliiyeyusha wakafulia vito. Kila reale ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na katika sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha. Iliyobaki ni shaba hasa. Bangili ya reale 6 basi ina gramu 168, na fedha ndani yake ni kama gramu 140.

Namba 925 ni kipimo cha Kiingereza, na fundi wa zamani hakulazimika kukigonga. Kwa hiyo kekee ya reale ni fedha kweli, ingawa iko chini ya 925. Itapiga weusi upesi zaidi kwa sababu ya shaba, hasa ikilazwa wazi. Weusi huo ni ngozi tu, ukisuguliwa unatoka.

Dhahabu ina hila zaidi, na hapa ndipo mahari huleta maneno. Iliyo dhahabu yote hugongwa 916 (karati 22), 750 (karati 18) au 375 (karati 9). Ile ya 916 haifanyi weusi. Ya 375 huweza kufifia, maana zaidi ya nusu yake ni madini mengine.

Kuna pia ya kufunikwa, yenye alama kama 1/20 14K GF. Hapo ganda la dhahabu limegandamizwa juu ya shaba, nalo ni sehemu moja tu kati ya 20 za uzito. Mkufu wa gramu 10 una nusu gramu ya dhahabu ya karati 14, yaani chini ya gramu 0.3 za dhahabu safi. Ukitunzwa hudumu miaka, lakini sonara hawezi kuununua kwa bei ya dhahabu.

Ya kuchovya, GP, ina utando mwembamba mno. Pete ndiyo huchujuka kwanza, upande wa kiganja, kisha kidole kinaota ukijani. Hiyo haisuguliki ikarudi: ukisugua unamaliza utando wenyewe. Tuvae kwenye singo na picha kwa furaha, hatuoni aibu yoyote. Ila mahari ikiandikwa “seti ya dhahabu” bila karati na gramu, wazee wa pande mbili wasisaini kwanza.