Objet ya imeli ya kazi: maneno ya kwanza ndiyo yanaonekana

Wakubwa wengi wa biro wanasoma imeli kwenyi telefone, wakati zingine makumi zinangojea. Kwenyi kioo wanaona jina la mwenyi kutuma na mstari mufupi wenyi kuitwa Objet. Telefone inaonyesha maneno machache tu ya kwanza, mengine inayakata.

Tuseme shirika iko na biro Bukavu na depo Uvira. Mwenyi kuchunga depo anataka sahihi ya mkurugenzi ili lori ipate mazutu mbele ya kutoka Ijumaa. Anaandika kwenyi Objet: «Salamu shefu». Mkurugenzi anaona ni salamu, anasema atasoma kisha. Ijumaa lori ingali kwenyi kiwanja. Ile imeli ilifika vizuri. Objet yake tu haikusema kama kuna kitu cha kufanya.

Ingeandikwa hivi:

«Sahihi mbele ya alhamisi 12/3, 16:00: mazutu ya lori, Uvira»

Neno la kwanza ni kazi yenyi kuombwa: sahihi, jibu, ruhusa. Kisha mwisho wa muda, kisha jambo na pahali. Hata telefone ikikata, «Sahihi mbele ya alhamisi» inabakia. Ile 16:00 nayo iko na sababu yake. Mtu akiandika «saa 10», mmoja atasoma saa kumi ya mchana, mwingine mwenyi kuzoea saa za Kifaransa atasoma saa ine ya asubuhi.

Kama hakuna kazi ya kufanya, ianze na «Kwa kujua», na mkubwa anaweza kuisoma mangaribi bila hasara. Neno «Haraka» peke yake halisaidie sana. Mwenyi kulitia kwenyi kila imeli, wenzake wanazoea kulipita, na siku ya haraka ya kweli hakuna mwenyi kushtuka. Tarehe na saa ni vigumu kuzipita hivyo. Na kama jibu linahitajika mbele ya saa moja kupita, ni kupiga simu tu, imeli ibakie kama alama.

Kuna mtego mwingine: kujibu imeli ya zamani ili kuanzisha habari mupya. «RE: Mkutano wa Januari» inaficha ombi la mazutu la Machi. Gmail inaiweka ndani ya mazungumzo ya zamani, na mwenyi kuitafuta kisha kwa neno «mazutu» ataona kichwa cha mkutano. Ukibadilisha Objet, Gmail inafungua mazungumzo mupya.

Jina la mugonjwa ao mushahara wa mtu visiandikwe pale. Telefone nyingi zinaonyesha Objet hata zikiwa zimefungwa, na ikiwa juu ya meza, kila mwenyi kupita anasoma. «Jibu mbele ya 12/3: dosie namba 47» inatosha.