Ufafanuzi wa hukumu kwa umma

Ufafanuzi wa hukumu kwa umma ni maelezo ya lugha nyepesi yanayowaeleza watu wasio wanasheria mahakama imeamua nini, kwa sababu gani na uamuzi huo unamgusa nani. Mara nyingi hutungwa kutokana na muhtasari wa hukumu. Mahakama ya Juu ya Uingereza na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini hutoa muhtasari wa namna hiyo pamoja na hukumu zake, lakini huonya kwamba muhtasari si sehemu ya hukumu. Kwa hiyo mfafanuzi huanza na muhtasari, kisha hurudi kwenye hukumu yenyewe kuhakiki.

## Utata wa maneno

Katika Kiswahili neno "hukumu" hutumika kwa uamuzi mzima wa mahakama na pia kwa adhabu anayopewa mkosaji. Sentensi "hukumu imefutwa" inaweza kueleweka kuwa mtu ameonekana hana hatia, kumbe ni adhabu tu iliyoondolewa. Ni salama zaidi kutenganisha maneno matatu: "kutiwa hatiani", "adhabu" na "uamuzi wa mahakama".

Majina ya mahakama nayo huchanganywa. Nchini Kenya Mahakama ya Juu ndiyo ya mwisho, na Mahakama Kuu iko chini yake, chini pia ya Mahakama ya Rufaa. Nchini Tanzania mahakama ya mwisho ni Mahakama ya Rufani.

## Mfano: kesi ya Muruatetu

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi inayojulikana kama kesi ya Muruatetu. Waliokata rufaa walikuwa wametiwa hatiani kwa mauaji na kupewa adhabu ya kifo. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu hakikumwachia jaji nafasi ya kuchagua adhabu nyingine, hata akisikia mambo ya kumpunguzia mshtakiwa adhabu. Mahakama iliona kwamba hali hiyo inamnyima mshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa usawa, ikatangaza kifungu hicho kuwa batili kwa kadiri kinavyolazimisha adhabu ya kifo.

Maneno "kwa kadiri kinavyolazimisha" ndiyo yanayobeba uamuzi wote. Mfafanuzi akiyaacha ili kufupisha, hubaki na sentensi kwamba mahakama imefuta adhabu ya kifo, nayo si kweli. Mahakama ilisema wazi kwamba uamuzi wake haugusi uhalali wa adhabu ya kifo chini ya Ibara ya 26(3) ya Katiba. Kilichoondolewa ni ulazima.

Amri zilizotolewa nazo huonyesha mipaka. Kesi ilirudishwa Mahakama Kuu ili isikilizwe upya kuhusu adhabu tu. Hivyo kuandika kwamba wafungwa waliachiliwa, au kwamba kesi yao ilianza upya, ni kupotosha. Pia mahakama iliombwa kueleza kifungo cha maisha ni miaka mingapi, ikasema hilo ni jukumu la Bunge. Jambo ambalo mahakama imekataa kuliamua halina budi kutajwa hivyo hivyo.

Ufafanuzi sahihi unaweza kuwa hivi: "Jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji. Bado anaweza kuitoa, lakini kwanza asikilize maelezo ya mshtakiwa kuhusu adhabu."

## Upana wa uamuzi

Baada ya 2017 baadhi ya mahakama za chini ziliutumia uamuzi huo kwa makosa mengine, yakiwemo wizi wa mabavu. Wafungwa wengi waliomba adhabu zao zipitiwe upya. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo kwamba uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji tu, na kwamba anayepinga adhabu ya lazima kwa kosa lingine afungue shauri lake kuanzia Mahakama Kuu. Kwa mfungwa wa wizi wa mabavu, tofauti kati ya "mauaji" na "makosa yote yenye adhabu ya kifo" ilikuwa tofauti kati ya kuwa na njia ya kuomba adhabu mpya na kutokuwa nayo. Kwa sababu hiyo ufafanuzi hutaja kosa na kifungu kilichokuwa mbele ya mahakama.

## Uhakiki

Njia ya kawaida ya kuhakiki ni kuandika kando ya kila sentensi namba ya aya ya hukumu inayoithibitisha. Sentensi isiyo na aya huondolewa. Aya yenyewe huangaliwa kama inaeleza uamuzi au hoja ya upande mmoja tu, kwa kuwa hukumu hurudia kwa kirefu madai ya mawakili kabla ya kuyajibu.

Kisha msomaji asiye mwanasheria husoma ufafanuzi na kuulizwa maswali. Kwa kesi ya Muruatetu angeulizwa: je, jaji bado anaweza kutoa adhabu ya kifo? Akijibu hapana, ufafanuzi huandikwa upya, hata kama kila neno lake linapatikana katika muhtasari.